Maharagwe ya Mlimani kwenye Joto la Munkunyu

Duka langu la pembejeo liko Bwera, upande wa barabara inayoshuka mpakani Mpondwe, na mtu akikuambia hajui lilipo, huyo hajawahi kununua hata jembe. Nililijenga mwenyewe. Darasa la nne niliacha, na sijaona kitu nilichokosa. Nilianza kwa kubeba magunia ya watu mgongoni, kutoka daraja la mpaka hadi kwenye maghala, nikaingia kuuza majembe chini ya turubai, kisha dawa za pamba, kisha mbegu. Leo wenye digrii wanakuja na pikipiki za kampuni kuniomba niwauzie mali yao. Wanaingia wakiwa na viatu safi. Hapo tu najua shambani hawakupita.

Mmoja wao, ofisa wa mauzo wa kampuni ya mbegu, ofisi yake iko kule Nyamwamba, Kasese mjini, aliniletea mbegu mpya ya maharagwe msimu ule kabla ya mvua za kwanza. Ilikuwa maharagwe ya miti, yale yanayotambaa juu ya kijiti. Mbegu yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia: nene, imechaguliwa, imepakwa dawa ya rangi nyekundu ili mtu mwenye njaa asiitie chunguni. Alileta na picha kubwa ya kubandika mlangoni, na picha hiyohiyo akanitumia kwenye simu nisambaze kwa wateja. Mmea umepanda kijiti mpaka juu, maganda ya maharagwe yananing'inia kama hereni. Chini ya picha kulikuwa na maneno, kwa Kiswahili cha mtu aliyekisoma darasani: "Aina hii hustawi katika wilaya yote ya Kasese. Panda mwanzoni mwa mvua. Weka mbolea. Mavuno ni mengi."

Hayo ndiyo maelezo ya mbegu. Mtu amekaa miaka chuoni akajifunza kuandika "weka mbolea".

Na hiyo "wilaya yote ya Kasese". Wilaya hii, ndugu msomaji, juu ina theluji na chini ina ziwa la chumvi. Mtu wa Ihandiro analala na blanketi mbili. Mtu wa Katunguru analala nje ya shuka. Ukisema kitu kinastawi Kasese yote, sijui unazungumzia jiwe au mbuzi, lakini maharagwe ya miti hapana. Hayo ni ya mlimani. Yanataka ubaridi na mvua isiyokatikakatika. Ukiyateremsha kwenye uwanda yatakimbia juu, yatajaa majani, yatatoa maua yakupendeze, halafu joto litayaangusha maua yote chini na wewe utabaki unaangalia.

Hata hivyo niliibandika. Picha ilikuwa nzuri, na wateja wangu wengi ni watu wa mlimani wanaoijua mbegu kwa macho. Chini ya maneno yale kampuni ilikuwa imechapa jina la duka langu, kubwa kuliko jina lao. Hilo lilinipendeza.

Basi akaja mama mmoja Mkongo. Ni mfanyabiashara, alikimbia vita vya upande wa Beni na kwao hasa ni Butembo. Wakati huo alikuwa na wenzake, akina mama wakimbizi, wamekodi shamba Munkunyu kwa msimu mmoja tu. Mwenye shamba alishawaambia wakivuna anapanda pamba yake. Kwa hiyo walikuwa na nafasi hiyo moja: ikikubali, wanakula na kuuza, ikikataa, wanarudi kuombaomba kazi za kulima kwa watu. Alinieleza hayo yote akiwa amesimama, mkono juu ya kaunta, kama mtu anayesoma mashtaka. Kisha akaonyesha mlango.

"Patron, nipe ile. Ya shamba yote."

"Shamba liko wapi, mama?"

"Munkunyu. Nimeshakuambia."

"Basi ile sikuuzii."

Aliniangalia kama mtu aliyenyimwa maji ya kunywa. "Unanikatalia mbegu juu ya nini? Ile minaijua. Kwetu Butembo mama yangu alikuwa anaipanda mbele ya nyumba. Mimi mutoto nilikuwa nasimamisha miti yake."

"Butembo ni juu. Munkunyu ni chini. Kule jua linachemsha."

"Udongo iko udongo."

Hapo ndipo hukosea watu wote wanaotoka ng'ambo. Wameshuka kutoka milima yao mizuri, wamebeba kichwani kalenda ya kwao na mbegu za kwao, na wakiona kitu walichokula utotoni, wanafumba macho. Nimewaona wakibeba mbegu ya viazi ya mlimani kwenda kuipika ardhini pale Nyakatonzi, uwandani. Huwezi kuwaambia kitu. Nilimwambia aende akaulize Munkunyu nani ana maharagwe ya miti. Na miti yenyewe atapata wapi? Upande ule ukienda kukata vijiti unakuta umeingia kwenye hifadhi, askari wa wanyama anakusubiri.

Akacheka kidogo, kicheko cha kunidharau, akaenda mlangoni akaweka kidole kwenye maneno.

"Soma, papa. Iko inasema Kasese yote. Munkunyu haiko Kasese?"

Wateja wawili waliokuwa wanapima misumari wakageuka. Wakanitazama. Mimi, mtu ambaye Bwera yote inaniuliza lini mvua inaanza.

"Na jina chini iko ya nani?" akasema. "Kama maandiko iko ya uongo, basi wewe njo mwongo. Kama iko ya kweli, nipimie mbegu."

Nilimpigia ofisa simu palepale, nikaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Alikuwa njiani kwenda mpakani, akafika jua bado kali, kofia ya pikipiki mkononi. Nikamwonyesha mama, nikamwonyesha mlango, nikamwambia: mweleze mteja wako.

Hakuchelewa. "Mama, mbegu ni safi, imethibitishwa. Nunua tu."

"Munkunyu?" nikauliza.

"Munkunyu ni Kasese, mzee."

Mama akaniangalia kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Wewe umewahi kuipanda Munkunyu?" nikamwuliza ofisa.

"Ilijaribiwa kituoni."

"Kituo kiko wapi?"

Akataja mahali. Ni juu kabisa, mahali ambapo asubuhi unaona pumzi yako. Nikamwuliza kule alivaa nini. Akasema koti. Wateja wa misumari wakacheka, na yeye mwenyewe akatabasamu vibaya, maana mjinga hakuwa. Alikuwa mvivu tu wa kukubali. Nikasema maneno yale nayabadilisha. Mwisho akanivuta pembeni, kwenye mifuko ya mbolea, akasema polepole, "Mzee, makao makuu wanaandika wilaya kwa wilaya. Hatuwezi kuandika kilima kwa kilima. Ukibadilisha yale maneno, bango si letu tena. Wanaweza kukunyima mzigo."

"Wanyime," nikamwambia. "Jina pale chini ni langu. Makao makuu hayako hapa mlangoni kutukanwa na huyu mama."

Nikachukua kisu cha kukatia kamba nikakata picha chini ya maganda, pale maneno yanapoanzia. Kipande chenye maneno yao nikampa kwa heshima, kama chenji. Halafu nikakaa na kalamu nene na kadibodi, na ofisa amesimama akinitazama, nikaandika mwenyewe ya kubandika chini ya picha. Nakumbuka kila neno, maana bado yapo:

"Maharagwe ya miti. Ni ya mlimani penye baridi na mvua: Ihandiro, Kyondo na juu zaidi. Uwandani usiyapande, joto linaangusha maua. Panda udongo ukishalowa vizuri. Mstari kwa mstari nusu mita, shimo kwa shimo shubiri moja, mbegu moja, usifukie zaidi ya vidole viwili. Tia samadi iliyooza. Yakianza kutoa kamba za kutambaa, simika mti mrefu kuliko wewe. Ukiyachanganya na mahindi, mahindi yatangulie wiki mbili au tatu, la sivyo maharagwe yatayaangusha. Palilia kabla ya maua. Mbegu ina dawa, usipike."

Ofisa akasoma, akasema "shubiri" si kipimo. Nikamwambia anyooshe mkono wake. Akanyoosha. Nikamwambia, basi umeshakuwa nacho, na hukukinunua. Alivaa kofia yake akaenda.

Mama alikuwa bado pale. Nilifikiri sasa atanishukuru. Akasoma kadibodi yangu polepole, midomo ikitembea, akasema, "Asubuhi ilikuwa inasema Kasese yote. Sasa inasema mlimani. Kesho itasema nini?"

"Kesho itasema hivyohivyo."

"Bon, sawa." Akafikiri sana. Nyuma ya hiyo kaunta nimeona watu wakifikiri, wengi wanajifanya. Huyu alikuwa anafikiri kweli, maana wenzake walikuwa wamemtuma yeye. "Unipe nini ya Munkunyu?"

Nikampa maharagwe mafupi, yale ya kichaka yasiyotaka mti, yanayokomaa haraka kabla jua halijachukia. Nikamweleza mistari ileile ya nusu mita lakini mbegu zikaribiane, upana wa kiganja. Akachukua ya shamba lote. Kisha, akiwa ameshajitwisha, akaweka kidole kwenye pakiti ndogo ya maharagwe ya miti.

"Na hii moja."

"Mama, tumetoka kuongea nini?"

"Ile ya shamba umenichagulia wewe. Hii najichagulia mimi. Nitaipanda kwa ua ya nyumba, itapanda kwa fito ya ua."

Nikamwuzia. Mtu akitaka kutupa kitu kwenye ua wake, mimi si polisi. Nilimwambia akivuna hata kikombe aje nimpe duka.

Mvua zilikuja, zikasumbua kidogo katikati, zikaisha. Kampuni haikuninyima mzigo. Waliona mlimani mbegu yao inaisha haraka kuliko kwingine, wakaniachia kadibodi yangu. Maharagwe mafupi ya akina mama yalikubali. Sijisifu, nasema lililotokea: walivuna, mwenye shamba akaingiza pamba yake, na wao wakawa na chakula ndani na magunia ya kupeleka soko la Mpondwe.

Yule mama alikuja dukani kabla ya mavuno hayo, maharagwe mafupi yakiwa bado mabichi. Alibeba beseni kichwani limefunikwa kitenge. Nikajua amekuja kukiri, nikajiweka sawa kwenye kiti.

"Maua ya kwa ua ilianguka," akasema. "Yote. Kama ulisema."

"Nilikuambia."

"Majani haikuanguka." Akafunua beseni. Lilikuwa limejaa majani ya maharagwe, machanga, laini, yamefungwa vifungu vifungu. "Wakongo beko wanakula hii sana. Nauza pale Mpondwe kila soko, wanapigania. Ile mafupi ukichuma majani unaua maharagwe. Ile ya miti unachuma, inaongeza. Andika na hiyo kwa mulango yako."

Nilimwambia hata mbuzi anaweza kula majani, na duka la mbegu haliandiki habari za mboga. Akaniachia vifungu viwili. Mke wangu alivipika na mawese, nikala, nikaongeza. Lakini kadibodi sikuigusa. Mimi nauza maharagwe.