Kimea cha Paska na Mguu wa Tombe

Mahakama ya hakimu wa Arua, ilipoketi mwezi wa Oktoba 1991, ilitamka kwamba aliyekosea hawajibiki kwa kila jambo linalofuata nyuma ya kosa lake. Anawajibika kwa hasara ya aina ambayo mtu wa kawaida, akisimama mahali pake siku ile, angeitazamia. Inayopita hapo humwangukia aliyeipata, na hakuna mwingine wa kubebeshwa. Tamko hilo lilipigwa mhuri, na nakala moja akapewa Mariam Poni wa Koboko, mwenye mashine ya kusagia nafaka, ambaye hakusoma Kiingereza lakini aliukagua mhuri kwa makini.

Ukweli ukisemwa, iliyoshtakiwa ilikuwa mashine. Mariam alirudi nayo kutoka Sudan mwaka 1987, injini ya dizeli imeviringishwa katika mkeka kama maiti, aliyoinunua kwa faida ya miaka saba ya kukaanga mandazi katika kambi ya wakimbizi. Watu walimsifu kwa uvumilivu. Yeye alijua kilichomkalisha macho miaka ile yote hakikuwa uvumilivu bali hasira, na hasira yake ilikuwa na mtu: karani mmoja wa jeshi. Mumewe, askari, alikufa kwa homa katika kambi ya jeshi mwanzoni mwa 1979, na karani akasahau kuandika jina la Mariam katika orodha ya wajane wa kulipwa. Kabla orodha haijasahihishwa, serikali ikaanguka. Mariam akavuka mpaka mikono mitupu, na njiani mwanawe wa mwisho, Kamisi, akafa kwa kuhara, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kumnunulia dawa. Kwa hesabu ya Mariam, karani yule alimuua Kamisi kwa kalamu. Aliirudia hesabu hiyo kila asubuhi alipowasha injini.

Kosa lake mwenyewe lilikuwa la Ijumaa. Wanawake wa Koboko hawasubiri mashineni. Huacha beseni, hufunika kwa kitambaa chao, huenda sokoni, na kitambaa ndicho cheti. Ijumaa ile mabeseni mawili ya wimbi, yaani ulezi, yalikuwa yamesagwa na kuwekwa sakafuni, na Mariam, akiharakia swala ya mchana, aliinua vitambaa vyote viwili kukung'uta vumbi, kisha akavirudisha kinyume. Beseni moja lilikuwa la Sitti, jirani yake, wimbi la uji. La pili lilikuwa la Paska, mke wa Yakani wa Midia, na wimbi lake lilikuwa limeoteshwa na kukaushwa: kimea, cha pombe. Ukivitazama ni unga ule ule. Pua ingevitenganisha, lakini pua ya mwenye mashine hujaa vumbi.

Sitti aligundua kwanza. Uji wake ulikataa kuwa mzito. Kadiri alivyokoroga ndivyo ulivyozidi kuwa maji, tena maji matamu. Alikuja Jumapili akicheka.

"Dada, wewe nataka watoto yangu ilewe kabla ya madarasa?"

Mariam hakucheka. Alipima wimbi jingine akampa, akapanda baiskeli ya kukodi hadi Midia, na huko akakuta kilichokwisha kutokea. Paska alikuwa amechanganya unga wa Sitti katika mitungi sita ya mtama uliopikwa. Bila kimea, mtama haukugeuka pombe. Uligeuka uji mchungu, na uji huo ndio waliopewa wageni kutoka Omugo, waliokuja kumposa Helen, binti wa Paska na Yakani.

Hapo Mariam aliomba radhi, akaahidi kurudisha kimea, mtama na kuni. Yakani alimwambia arudi nyumbani asubiri karatasi.

Karatasi ilikuja baada ya miezi minne, imechapwa na mpiga taipu wa Arua aliyelipwa kwa ukurasa, jambo lililoeleza urefu wake. Ilidai kwamba wageni waliona uji ule kuwa tusi, wakaondoka na ng'ombe wao wanane. Kwa kuwa ng'ombe hao walikuwa wa kumalizia mahari ya mke wa Tombe, kaka yake Helen, baba mkwe alimchukua binti yake. Kwa kuwa Tombe alimfuata mkewe, alipanda lori la tumbaku. Kwa kuwa alipanda lori, aliruka lilipofika Ombaci, kabla halijasimama, akavunja mguu. Kwa hiyo Mariam Poni alipe ng'ombe, mke, na mguu, akishindwa, mashine.

Mariam alisomewa karatasi hiyo mara tatu.

Hakimu aliitwa Ayiko, mtu mfupi, mtaratibu. Alianza kwa kumwuliza Mariam kama alibadilisha vitambaa. Mariam alisema ndiyo. Watu chumbani walivunjika moyo, kwa kuwa wengi walikuwa wamefika toka mbali kusikiliza uongo. Kisha hakimu akamgeukia Paska. Je, alipoacha beseni alimwambia nini mwenye mashine? Paska, ambaye mumewe alikuwa amemtolea macho, alijibu kwamba alimwambia ni kimea, asage laini. Wageni je? Hakuwataja.

"Mzee Yakani," hakimu akasema, "mtu akiharibu kimea, wewe unatazamia nini?"

"Pombe inaharibika."

"Na nini tena?"

"Kuni inapotea. Mtama inapotea."

"Na mguu unavunjika?"

Watu walicheka. Yakani hakucheka, alisimama wima kama aliye gwarideni.

"Mheshimiwa, mimi hapana mjinga. Kama huyu mama hapana badilisha, mguu ya mtoto yangu iko mzima. Hiyo iko uongo?"

Hakimu alikiri kwamba si uongo. Alisema hata mama aliyemzaa Tombe asingemzaa, mguu usingevunjika, na mahakama haimshtaki. Swali halikuwa kama jambo limefuata jambo. Mambo hufuatana hadi mwisho wa dunia. Swali lilikuwa kama mtu anayesaga nafaka angetazamia hasara ya aina hiyo. Pombe kuharibika, ndiyo. Wageni kuondoka na ng'ombe, baba mkwe kumchukua binti, kijana kuruka kutoka lori linalokwenda: hayo hakuambiwa, hayatazamiwi na mtu wa mashine, na kila moja liliamuliwa na mtu mzima mwenye akili zake. Mariam alipe kimea, mtama na kuni. Mengine yote yalitupwa.

Alikuwa ameshinda. Sitti alimkumbatia nje, akamtaka afurahi. Lakini Mariam alisimama uani mwa mahakama asiweze kufurahi, kwa kuwa maneno yaliyomwokoa yalikuwa yamepita juu ya kichwa chake yakaenda kumfungulia yule karani wa jeshi. Karani alipaswa kutazamia mjane akose malipo. Serikali kuanguka, mpaka, kuhara, hakuvitazamia. Alidaiwa orodha. Kwa kifo cha Kamisi hakudaiwa mtu.

"Basi nani alimuua?" aliuliza.

Sitti alidhani anazungumzia Tombe, akamjibu kwamba Tombe yuko hai, ni mguu tu.

Juma lile lile Mariam alipeleka Midia kimea, mtama na mzigo wa kuni, akavipima mbele ya Yakani, kibaba kwa kibaba, bila salamu. Yakani aliviingiza ndani.

Wanawake wa Midia sasa husagisha kwa mashine nyingine, iliyo mwendo wa saa moja mbele. Ili kuifikia hupita mlangoni kwa Mariam Poni, ambaye siku hizi huwasha injini mara mbili kwa juma.