Mama Lisiti Hana Karatasi

Pale Goma, katika biro, yaani ofisi, ndogo ya kupeleka wageni mbugani, alikuwapo mama mmoja ambaye wageni walimwogopa kuliko simba. Jina lake Micheline Kasoki. Madereva walimwita Mama Lisiti, na yeye hakukasirika, kwa sababu lisiti, ile orodha ya vitu vya safari, ilikuwa yake kweli. Mgeni hapandi gari kabla Micheline hajamwaga mfuko wake juu ya meza na kukagua kila kitu, hata soksi.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2011. Vita vilikuwa vimepumua kidogo, na bonde la Rwindi lilianza kupokea watu tena, wa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Micheline alikuwa na miaka miwili kazini, na kwa miaka hiyo yote hajawahi kumwona tembo hata mmoja. Alitamani kwenda, tena alitamani sana. Kila gari lilipoondoka alisimama mlangoni akilipungia mkono mpaka vumbi limalizike.

Jumatano moja wakaingia Mama Philomène na kijana wake Carlos, wametoka Liège. Mama ni mtu wa Butembo aliyeondoka zamani, Carlos amekulia huko huko Ulaya. Safari yao ni Ijumaa. Carlos akamwaga mfuko kwa majivuno, maana alikuwa amenunua kila kitu kipya.

"Eh, Bwana Yesu!" Micheline akashika kichwa. "Papa, unaenda kuangalia nyama ao unaenda kupiganisha vita?"

Suruali ya madoadoa ya kijeshi. Koti la kijani kibichi lenye mifuko minane. Kofia nayo madoadoa.

"Mama, lisiti ya kwenye internet ilisema kijani," Carlos akajitetea. "Ilisema tufanane na majani."

"Mwenye kuandika ile lisiti hajapita barabara ya Kibumba. Huku mwenye kufanana na majani ni askari, na raia haruhusiwi kuvaa madoadoa. Baryera ya kwanza tu, pale askari wanapofunga njia, watakushusha, na mimi nitabaki hapa nikitoa maelezo mpaka Jumapili." Akavisukuma pembeni. Shati jeupe akalikataa pia, linang'aa na kushtua wanyama, tena vumbi litalimaliza saa moja. Jinzi za bluu na fulana nyeusi akazirusha juu ya koti. "Bluu na nyeusi zinaita mbung'o. Watakuuma mpaka umuite mama yako, na mama yako yuko hapa anacheka." Mama Philomène kweli alikuwa anacheka, ameshika mbavu. Kilichobaki ni suruali moja ya rangi ya mchanga na shati la kahawia la mikono mirefu. "Haya. Sasa umekuwa mtu."

Darubini ya Carlos ilikuwa kubwa, ya kukuza mara kumi na mbili. Micheline akaipima mkononi. "Hii gari likitikisika utaona tembo wote wanacheza rumba. Chukua yetu ya mara nane, inatulia. Na isitoke kwenye mfuko kabla ya geti la mbuga. Ukimwelekezea askari jicho la darubini, atafikiri unahesabu bunduki zake."

Krimu ya jua Carlos akaikataa. Ngozi yake nyeusi, alisema, ya nini?

"Ngozi yako imekulia kwenye baridi, mutoto yangu. Paka nusu saa kabla ya kutoka, halafu kila saa mbili unarudilia. Kofia pana, miwani, maji. Jua la Rwindi haliulizi wewe ni mutu wa wapi."

Mwisho zikaja karatasi, na hapo Micheline hana utani. Paspoti yenyewe yenye viza, si picha ya kwenye simu. Kadi ya njano ya chanjo. Ruhusa ya mbuga. Na fotokopi mbili za kila moja, ziwekwe mfuko mwingine. "Nguo ukisahau utaazima," akasema. "Karatasi haiazimwi."

Mama Philomène alikuwa ameshampenda. Akasema mume wake alilipiwa nafasi lakini mgongo umemlaza hotelini, basi kwa nini Mama Micheline asikalie kile kiti? Papa Bagalwa, mwenye biro, akaitikia kutoka nyuma: aende, kwani nani amemkatalia? Alete tu kipande chake, ile kadi ya utambulisho.

Micheline akaanza kukunja shati lililokwisha kukunjwa.

"Mama?" Carlos akauliza polepole. "Karatasi yako iko wapi?"

Hakuwa nayo. Mama Lisiti mwenyewe! Aibu ilimpanda mpaka machoni, akasema kazi ni nyingi, waende tu salama. Lakini yule kijana aliyenyanyaswa saa nzima hakumwachia. Akauliza kama kitu kilichopotea hakina karatasi ya kueleza kwamba kimepotea. Papa Bagalwa akajibu kwamba ipo, atestasion de perte, inatolewa komini, ofisi ya serikali ya mtaa, na yeye amemwambia huyu mama tangu mwaka juzi lakini mama ni jiwe.

Si jiwe. Ni kwamba komini watauliza kipande kilipotea wapi, na hilo Micheline alikuwa hajamwambia mtu yeyote.

Alhamisi asubuhi walikwenda wote wanne. Mwandishi wa komini, mzee mwenye miwani, akapokea picha ya Micheline na kuuliza bila kuinua kichwa: "Ilipotea wapi?"

"Kibumba. Barabarani." Micheline akaendelea. "Elfu mbili na nane, tulipokimbia kwetu Kiwanja. Nilibeba mutoto, sufuria, na mfuko wa karatasi zetu zote. Kadi yangu, ya marehemu bwana yangu, ubatizo wa mutoto. Nikachoka, muzee. Nikaona lazima nitupe kitu. Nikatupa karatasi, nikashika sufuria." Akafuta uso. "Kule kambini Kanyaruchinya watu wakaniuliza jina, sikuwa na kitu cha kuonyesha. Nilikuwa na sufuria."

Mzee akaweka kalamu chini. "Mutoto alikula?"

"Alikula."

"Basi ulichagua vizuri," akasema, akapiga muhuri. Micheline akamshukuru mara ngapi sijui, mpaka mzee akamwambia mama, inatosha, wengine wanangoja. Mama Philomène alikuwa analia waziwazi, na Carlos akaenda mwenyewe kutoa fotokopi mbili.

Tembo aliwaona, ndiyo. Kumi na mmoja, na ndama wao, wakila majani kana kwamba dunia haina haraka. Ukimuuliza habari zao atakujibu kwa maneno machache: wakubwa, wazuri, Mungu asifiwe. Kitu anachokisimulia mpaka chai inapoa ni baryera ya Kibumba, Ijumaa ile, jua limechomoza sasa hivi.

Askari alimaliza paspoti za wageni, akanyoosha mkono kwake. Akaisoma ile karatasi kwa sauti, taratibu, kama watu wasiosoma kila siku. "Kasoki Micheline. Amezaliwa Kiwanja." Akamtazama usoni, akatazama picha, akatazama tena. "Unaenda wapi, mama?"

"Naenda kuangalia tembo."

Askari akacheka. Si cheko baya. "Tembo! Na utarudi siku gani?"

Barabara hii Micheline alikuwa ameipita mara tatu maishani na mzigo kichwani, na hakuna aliyewahi kumuuliza atarudi lini, wala yeye hakuwahi kujua.

"Leo," akasema. "Ninarudi leo."