Mdudu si Dhahabu

Majina ya watu wa kijiji chetu ninayo yote kichwani, na ya baba zao, na ya ng'ombe wao waliokwisha kufa. Lakini hapa simtaji mtu. Wahusika wakisoma watajijua wenyewe. Mmoja wao atakasirika, nami nitafurahi.

Msimu huo nilikuwa na ekari moja ya pamba, upande wetu wa Buseresere. Ile ekari ndiyo ilikuwa chumvi yangu, sabuni yangu na sare za wajukuu wawili. Imepakana na shamba la shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Tunataniana tangu siku niliyoolewa. Mimi nikimwambia ana miguu ya korongo, na yeye akiniambia meno yangu yamebaki kwenye muwa, hakuna anayempeleka mwenzake kwa mtendaji. Mwaka huo nilimshika kwenye palizi, maana shamba lake lilijaa majani. Kila mkutano wa chama cha ushirika nilimuuliza mbele za watu kama analima pamba au analisha swala.

Afisa ugani wetu ni binti anayekuja na pikipiki. Alishatuambia, pale kwenye ghala la chama, kwamba mdudu usiyemjua usimnyamazie. Mpige picha, itume kwenye kundi la WhatsApp la chama siku hiyohiyo, kabla hujapulizia dawa wala kung'oa kitu. Tukampigia makofi. Picha zikaanza kwenda. Lakini kwetu picha haipigwi hivihivi. Mtu anaoga, anavaa, anajipaka mafuta. Binti wa watu alipokea picha za wanachama wamesimama katikati ya mashamba wamependeza kama wanakwenda kipaimara, na hakuna hata mdudu mmoja.

Niliwacheka. Halafu ikawa zamu yangu.

Asubuhi moja, kwenye mstari wa mpakani, niliona miche kama mitatu imenyunyiziwa unga. Vitu vyeupe, laini kama pamba changa, vimejibana kwenye shina na chini ya majani. Majani yamejikunja, ukiyashika yananata, na sisimizi wanapanda na kushuka kama wamealikwa pombe. Nimelima pamba tangu nikiwa msichana. Funza wa vitumba namjua, vidukari nawajua. Huyu sikumjua.

Nasema kweli, la kwanza kunijia halikuwa mdudu. Lilikuwa sura ya shemeji yangu siku atakapojua. Basi nikanyamaza. Kila asubuhi nikawa nakwenda na ndoo ya maji ya sabuni na kitambaa, napangusa mche huu, nahamia ule. Nikirudi baada ya siku mbili nakuta wamerudi, na mitatu imekuwa tisa. Hapo usingizi ukaanza kunipungua. Nikamwomba mkwe wangu, mke wa mwanangu, aje anipige picha na simu yake ya kupangusa. Nilivaa kitenge cha kanisani. Tawi nililisafisha vizuri, majani nikayakung'uta, nikalishika, nikatabasamu kidogo.

Mkwe akamtumia binti peke yake, si kundi, na jibu likaja kwa ujumbe wa sauti: "Shikamoo bibi. Umependeza sana. Mdudu yuko wapi?"

Mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia mdudu nimempangusa, au alitaka nipigwe picha na uchafu?

Kesho yake mchana, saa ambazo watu wamelala kidogo baada ya kula, nikaazima ile simu nikaenda peke yangu kupiga picha ya wadudu kabla sijawaosha. Nikasikia maji yanamwagika ng'ambo ya mpaka. Nikachungulia. Shemeji amechuchumaa katikati ya pamba yake, beseni mbele, fulana kuukuu mkononi, anapangusa jani mojamoja.

"Shemeji," nikasema, "unaibatiza?"

Alishtuka akakaa kwenye beseni. Alipoiona simu mkononi mwangu akaniuliza, nawe umekuja kufanya nini. Tukaanza kugombana nani amewapata kwanza, na kila mmoja alikuwa anadai ni yeye, mpaka tukakumbuka kwamba hicho si kitu cha kugombea.

Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mayu, mama yangu, ningesema, ungenimaliza mkutanoni."

Ni kweli ningemmaliza.

Tulipiga picha hapohapo. Yeye alishika tawi, mimi nikabonyeza: moja ya mche mzima, moja ya chini ya jani, karibu kabisa, na sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Za kwanza zilikuwa ukungu mtupu kwa sababu nilisogeza simu mno. Tukarudia hadi zikatulia, tukazituma. Binti alifika kabla jua halijazama. Akachukua wadudu kidogo akawatia kwenye kichupa cha spiriti wapelekwe kwa watafiti. Alisema wanafanana na vidung'ata, ila kwenye pamba ya huku hajawahi kuwaona, na jina kamili tusilitangaze mpaka majibu yarudi. Kisha akaomba kuona kitambaa changu. Akaniuliza kama nilikuwa nakisuuza baada ya kila mche. Sikuwa nasuuza.

"Basi bibi, ulikuwa unawapa usafiri."

Wadogo wao, alisema, hawaonekani vizuri kwa macho. Wanapanda kitambaa, nguo, hata upepo. Tukakata miche yote iliyoshikwa, tukaiingiza kwenye magunia polepole bila kuikung'uta, tukaichoma palepale, tukafua nguo kabla ya kukanyaga shamba la mtu mwingine. Mstari wangu wa mpakani wote ukaondoka. Nilisimama kwenye moshi nikihesabu sare.

Siku ya mkutano binti alitakiwa kuzungumza. Akasema yeye alishazungumza na matunda yake ni picha za sikukuu, safari hii aseme bibi. Nikasimama. Nilisema hivi:

"Ndugu wanachama, mimi nilikuwa na mdudu mweupe kama unga nikamficha. Nilimwogesha kama mtoto. Shemeji yangu naye ana wake, naye aliwaogesha, tena kwa fulana. Kule kwenye machimbo ya dhahabu mtu akipata jiwe zuri anafunga mdomo, ni haki yake, jiwe halitembei. Mdudu si dhahabu. Ukimficha anakwenda kwa jirani kwa miguu yake. Ukiona kitu usichokijua, usivae, usioge, usipanguse. Piga picha ya mdudu, tuma leo. Anayetaka kucheka acheke sasa, anicheke mimi, nipo. Nami kuanzia leo sitamtania mtu kwa ajili ya mdudu aliyemsema. Nitamtania aliyemficha. Nimemaliza."

Walicheka, tena sana. Shemeji akasimama kuchukua haki yake. Alikuwa amengoja miaka mingi. Alianza na ndoo yangu, akaja kwenye kitenge, akaiga tabasamu langu mbele ya jani safi. Nikainamisha kichwa nikavumilia, maana nilikuwa nimeahidi.

Katikati ya maneno yake, mama mmoja wa nyuma alinyanyua mkono nusu, akaushusha, akaunyanyua tena. Akauliza taratibu kama huo unga unaweza kukaa kwenye bamia. Ana bamia nyuma ya jiko, zimekuwa nyeupe tangu wiki iliyopita. Alidhani ni vumbi la barabara, na aliona aibu kwa sababu watu wangesema hafagii.

Hakuna aliyemcheka. Binti alikuwa ameshachukua kichupa. Mwenyekiti akaomba sarafu, wakatoka na yule mama kwenda kwake, na watu nyuma yao wakiwa na simu mkononi, wanaambiana wasiguse kitu kabla ya picha.

Shemeji hakuona. Alikuwa bado anaonyesha jinsi nilivyoshika tawi. Nikamvuta shati.

"Kaa chini," nikamwambia. "Wamekwenda kuangalia bamia."