Herufi L kwenye majibu ya mama

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na maneno niliyokosea, kwani niliishia darasa la saba na naandika polepole.

Mama alikuwa anahema hata akitoka tu shambani Mshangano, ndipo akapimwa damu. Majibu tuliyachukua jioni, daktari ameshaondoka. Baba mdogo akasoma kwa sauti: "HGB 6.2 L. Lita sita! Shemeji, una damu ya kugawa wewe!"

Mama alicheka, kisha akakaa chini. Niliogopa, maana midomo yake ilikuwa imepauka, lakini niliona haya kumbishia mkubwa. Nikaipiga picha ile karatasi kwa simu ya dada, nikamtumia shangazi, muuguzi kule Mbeya.

Alijibu kwa ujumbe, namba akaiandika vilevile ilivyo kwenye karatasi:

"HGB 6.2 g/dL, kiwango 12.0–16.0. HGB ndiyo inayobeba hewa ndani ya damu. g/dL ni gramu kwa kila desilita. Hiyo L ya pembeni siyo lita, ni kusema iko chini ya kiwango. Kwa kuhema huko, mpelekeni hospitali sasa hivi."

Baba mdogo alitoka mbio kutafuta teksi. Mama akaniuliza, "Kwa hiyo sina damu, mwanangu?" Nilimfunika kanga, nikamshika mkono hadi teksi ilipofika.

Hospitali walimpima tena, wakamwongezea damu. Nilikaa naye nikiangalia matone, nikiogopa yasije yakakoma.

Mama yupo, ila karatasi za vipimo bado zinanitetemesha. Kama nanyi mlishapewa majibu msiyoyaelewa, niandikieni, mniambie mlimuuliza nani.