Barua ya Nayna Kutoka Leicester

Bahasha ilikuwa nene, na hilo peke yake lilimshtua Kemuma. Miezi minane ilikuwa imepita bila Nayna kuandika hata mstari mmoja. Kemuma alikuwa ametuma barua mbili, ya tatu akaiacha, akisema moyoni labda Uingereza inasahaulisha watu. Sasa, Desemba 1972, mwalimu aliyekuwa akipokea barua za majirani kwenye sanduku la posta la shule alimkabidhi bahasha iliyofura kama mkate, palepale kwenye kituo cha kununulia majani ya chai pale Kebirigo, kikapu kikiwa bado mgongoni.

Hakungoja kufika nyumbani. Aliketi kwenye nyasi kando ya barabara, akaifungua kwa kidole.

Kemuma na Nayna walikutana mwaka 1962 mjini Kisii. Kemuma alikuwa fundi wa nguo, akishona kwa cherehani ya miguu kwenye baraza la duka la Ishwar. Nayna aliletwa pale kutoka Kisumu kama bibi harusi wa Kirit, mwana wa Ishwar, akiwa hajui mtu hata mmoja. Mmoja alizungumza Ekegusii kwao, mwenzake Kigujarati, kwa hiyo urafiki wao ulikulia katika Kiswahili walichokiokota wote wawili, mmoja shuleni na mwingine kwenye kaunta ya duka. Walibeba mimba mwaka mmoja, Kemuma akamzaa Nyamusi. Mtoto wa Nayna alipozaliwa alilia kwa sauti nzito hata Kemuma akacheka na kusema, "Huyu ni babu yangu Momanyi amerudi!" Jina lake la nyumbani lilikuwa Bipin, lakini pale barazani, kati ya vitambaa na vifungo, alikuwa Momanyi. Kemuma alimbeba mgongoni huku akipiga pasi. Sheria ya leseni za biashara ilipobadilika na kuwabana wasio raia, Ishwar akauza duka, na mwaka 1969 familia yake yote ikahamia Leicester, Uingereza. Kemuma akarudi Kebirigo kwa mumewe Ombati, wakapanda chai, naye akaendelea kushona sare za shule.

Barua ilikuwa na kurasa nane. Ukurasa wa kwanza ulizungumzia baridi. Wa pili, wifi yake aliyenunua makochi mapya. Wa tatu, nyumba: Kirit anataka wahame mtaa ule, waende upande mwingine wa mji. "Wewe unaonaje, dada? Sisi tuhame au tusihame? Nipe shauri." Wa nne ulirudi kwenye baridi, na katikati ya baridi, bila alama yoyote ya kumwandaa msomaji, palikuwa na sentensi hii:

"Mwezi wa nne tulichoma Momanyi, lori iligonga yeye, na siku ile pia ilikuwa na mvua kidogo."

Kemuma aliisoma mara tatu. Alidhani ni Kiswahili cha Nayna kilichompotosha. Alitafuta maana nyingine ya neno "tulichoma" na hakuipata. Alijua vizuri kwamba Wahindi huwaaga wafu wao kwa kuwachoma. Kikapu kilimtoka mgongoni, kikabingirika hadi mtaroni. Mama mmoja aliyekuwa akipita akamuuliza kama anaumwa. Kemuma akaikunja barua, akakifuata kikapu mtaroni.

Alipofika nyumbani alimpa Ombati habari akiwa bado amesimama.

"Uwi! Yule mdogo?" Ombati akashika kichwa. Kisha, kama mwanamume aliyezoea kuitwa kwenye mabaraza ya ukoo, akasema, "Mwandikie wahame, Mama Nyamusi. Ameomba shauri, mpe. Mtu hawezi kukaa akitazama barabara iliyomuua mwanawe."

Lilikuwa jambo la busara. Kemuma akatoa karatasi, akaandika: Dada Nayna, hameni. Aliongeza kwamba Mungu ndiye mpaji, kwamba amebaki na watoto wawili, ajikaze kwa ajili yao. Ukurasa ulijaa upesi. Wanawake wa kanisani walizoea kumwendea kwa mambo yao, naye hakukosa jibu hata siku moja.

Wepesi ule ndio uliomzuia mkono. Dada yake, Bonareri, alikuwa amekuja kwake mwaka mmoja nyuma kumweleza mateso ya ndoa yake kule Marani, na kabla hajafika nusu Kemuma alikuwa amekwisha kumpangia cha kufanya, hatua kwa hatua. Bonareri alimsikiliza, akajifunga kitambaa chake kichwani aondoke, akasema, "Nilikuja unisikie, ukanifundisha." Tangu hapo huja, hula, huongea habari za mahindi.

Kemuma akaweka kalamu chini, akaichukua tena ile barua. Safari hii hakusoma habari. Alisoma jinsi Nayna alivyoandika.

Shauri la nyumba lilikuwa limeombwa kwa mistari miwili. Akatazama Nayna alifanya nini na swali lake. Katika ukurasa wa sita alikuta, "Mimi nimeshaambia Kirit sitoki." Basi mtu huyu hakuwa akisubiri uamuzi. Alikuwa nao tayari. Shauri lilikuwa mlango tu wa kuingilia, kama mteja anayeuliza bei ya uzi kumbe amekuja kukwambia mama yake mgonjwa.

Je, alitaka faraja? Akatafuta. Ukurasa wa saba: "Wote wanasema nina wawili wengine, nishukuru. Wanasema yeye yuko pahali pazuri. Nasema ndiyo, ndiyo, halafu naenda kuosha vyombo." Kemuma akatazama karatasi yake mwenyewe, pale alipoandika umebaki na wawili, na aibu ikamwakia usoni. Faraja ile Nayna alikuwa ameshapewa, tena ikamuumiza. Angemtumia nyingine ya namna ileile, kwa stempu ya ng'ambo.

Akahesabu mambo ambayo Nayna alikuwa ameyarudia. Viatu vya mtoto vilitajwa mara nne: viko wapi, vina rangi gani, kamba ya kushoto ina fundo ambalo hakuna aliyelifungua. Na jina. Katika kurasa nane zote hakuandika Bipin hata mara moja. Aliandika Momanyi, jina ambalo huko Leicester pengine hakuna aliyelitumia ila mama yake. Kisha, chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, herufi zikiwa zimebanana: "Hapa nyumbani hakuna mtu anataja yeye."

Kemuma akaikunja karatasi yake ya kwanza, akaitia motoni, ikaungua.

"Umechoma shauri langu?" Ombati akauliza.

"Hakuliomba, Baba Nyamusi."

"Si ameandika nipe shauri?"

"Ameandika. Lakini soma hapa." Akamwonyesha ule mstari wa chini.

Ombati akasoma polepole, akarudisha barua.

Hata hivyo Kemuma hakuwa na hakika. Mtu aliye mbali huwezi kumtazama usoni ukaona kama umegusa kidonda. Kwa hiyo aliandika hata kutojua kwake. "Dada yangu Nayna. Nimesoma kurasa zote nane. Momanyi wetu. Namkumbuka akila chaki ya kuchorea nguo, midomo yake ikiwa ya buluu, na wewe ukikimbia kumwita daktari. Juu ya nyumba, nadhani umeshaamua. Kama unataka nikwambie mawazo yangu, uliza tena nitakwambia. Kama unataka niketi tu nisikie, nimeketi. Viatu vile alivinunua nani? Siku ile ilianzaje? Usipotaka, usijibu hilo." Akaisoma kwa sauti. Palikuwa na sentensi ya kumwambia ajikaze; akaifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Jibu lilifika Februari. Kurasa kumi na moja. Kemuma aliisoma barua hiyo kwenye shamba la chai, amesimama kati ya mistari.

"Wewe ndiye wa kwanza umeuliza siku ile ilianzaje," Nayna aliandika, na akaisimulia, tangu chai ya asubuhi. Mtoto alikataa kuvaa sweta. Aliimba. Kisha ukurasa wa tisa: "Mimi nilimtuma posta. Iko ng'ambo ya barabara tu. Barua ilikuwa mkononi kwake. Polisi walinirudishia. Ilikuwa barua ya kwako, dada."

Kemuma akakaa chini kwenye udongo. Miezi ile minane alikuwa akimnung'unikia rafiki yake kwamba haandiki. Barua ilikuwa imeandikwa. Akilini aliona jina lake mwenyewe juu ya bahasha, katika ngumi ya mtoto. Wachumaji wenzake walimkuta hivyo, wakamwinua kwa kwapa.

Chini ya maneno hayo, peke yake kwenye mstari, Nayna alikuwa ameandika: "Ni mimi nimeua yeye? Nijibu."

Siku mbili Kemuma hakushika kalamu. Alipoishika, jambo la kwanza lililomjia lilikuwa kumwambia Nayna jinsi alivyoumia yeye, kwamba laiti Nayna asingelikuwa na rafiki kule Kebirigo, mtoto angekuwa hai. Alikwisha kuandika nusu ukurasa alipotambua kazi ambayo ukurasa huo ungemtwika Nayna: angelazimika kuacha maombolezo yake aanze kumbembeleza Kemuma. Akauweka kando. Uchungu ule aliupeleka kwa Ombati, akalia mbele yake mchana kweupe hadi majirani wakaja mlangoni.

Kisha akarudi kwenye swali. Alitaka kuketi asikie, kama mwanzo. Lakini barua hii haikuwa ile ya kwanza. Swali la nyumba lilitupwa katikati ya habari za makochi na kujibiwa na mwenyewe. Hili limesimama peke yake, halina jibu popote katika kurasa zote kumi na moja, na limefuatwa na amri. Ukimnyamazia mtu aliyeuliza hivi, kimya chako atakisoma kuwa ndiyo. Akikwepa na kuandika mambo ya mapenzi ya Mungu, Nayna atajua amekwepa.

Akaandika: "Hapana. Hukumuua. Ulimtuma mtoto wa miaka minane posta, kama akina mama wote wanavyotuma. Lori ndilo lililomgonga. Ukiuliza tena kesho nitajibu hapana, na mwaka ujao hapana." Baada ya hapo hakuongeza fundisho lolote. Aliuliza tu mtoto alikuwa akiimba nini asubuhi ile.

Majibu yalikuja Aprili, mwaka ukiwa umetimia tangu mtoto afariki. Ukurasa mmoja tu.

"Hapana yako nimesoma. Bado siamini, lakini nimeiweka. Nilisomea Kirit barua yako, nikabadilisha kuwa Kigujarati. Yeye tangu siku ile hakusema jina la mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoka, akazunguka nyumba, akarudi. Akasema, mimi nilimpa stempu. Wewe ulikuwa unataka kwenda mwenyewe baadaye, mimi nikasema mtoto aende, avuke haraka. Dada, alikuwa amekaa na hiyo mwaka mzima. Ndiyo sababu alitaka tuhame. Nilitaka kumwambia hapana, hapana. Halafu nikaona hajaniuliza kitu. Nikamvutia kiti."

Kemuma akasoma mpaka hapo, akaanza upya kutoka juu.