Jina Lote la Immakulata

Immakulata Manirambona alipolisoma tangazo la kazi kwenye simu yake, alikuwa shambani Murungu akipalilia maharage. Shirika moja la misaada lilikuwa linatafuta msimamizi wa ghala, kituo Kasulu. Alilisoma akiwa amesimama, jembe limelala miguuni, kisha akalisoma tena akiwa ameketi juu ya tuta.

Kazi ya ghala aliijua. Alikuwa msaidizi wa stoo kwenye kambi ya wakimbizi kwa miaka mitano, mpaka ufadhili ulipokatika na mikataba ikaishia hapo. Tangu siku hiyo alikuwa ameomba kazi mara nyingi kwa CV ileile ya ukurasa mmoja, na hakuna aliyewahi kumpigia hata kumwambia hapana.

Jioni alimweleza baba yake. Mzee Bazilio aliingia nchini akiwa mtoto mkimbizi mgongoni mwa mama yake, akaja kupata uraia akiwa na mvi. Cheti chake cha uraia kilikuwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku, na bado alizungumza kwa sauti ya chini kila alipoingia ofisi ya serikali.

"Omba, mwana wanje," alisema, akimwita mwanawe kwa Kirundi. "Ila jina la Manirambona liache. Andika Immakulata Bazilio, inatosha. Na Kirundi usikitaje. Watu wakiona hayo wanaanza kuuliza maswali."

Ndivyo Immakulata alivyokuwa akiandika siku zote.

Kesho yake alikwenda Kasulu mjini, kwenye duka la Swaumu karibu na stendi. Swaumu aliuza madaftari, alitoa kopi na kuchapa barua za watu, lakini zamani alifanya kazi ofisi ya ajira ya shirika jingine, akichambua maombi kwa mamia. Aliisoma CV ya Immakulata, akaiweka mezani.

"Mdogo wangu, hii hata mimi ningeiweka pembeni."

"Kwa nini, da Swaumu? Kazi yenyewe nimeifanya."

"Umeifanya wewe. Karatasi haijaifanya. Sogeza kiti."

Akafungua kompyuta, akachora jedwali lenye safu tatu. Ya kwanza: wanachotaka. Ya pili: ushahidi ulioko kwenye CV. Ya tatu: kinachokosekana. Kisha akalivunja tangazo, sharti moja kwa kila mstari, na pembeni ya kila sharti akaandika kama ni la lazima au ni faida tu.

"Safu ya pili haijazwi kwa yaliyoko kichwani," alionya. "Ni yale tu ambayo mtu asiyekujua anaweza kuyasoma hapa. Twende. Uzoefu wa miaka mitatu, lazima. CV inasemaje?"

"Nilifanya kazi ghalani."

"Lini mpaka lini? Cheo gani? Ghala la nini?"

Havikuwapo. Vyote vikaenda safu ya tatu. Kumbukumbu za mali kwa kompyuta: CV ilikuwa kimya, ingawa kila jioni yeye ndiye aliyeingiza hesabu ya mali iliyopokelewa na iliyotolewa siku hiyo. Kusimamia watu: kimya, ingawa bosi akienda likizo wapakiaji wote walikuwa chini yake. Ripoti za wiki na za mwezi kwa Kiingereza: CV ilisema "Kiingereza kizuri," na Swaumu akacheka.

"Kizuri kwa kufanya nini?"

"Niliandika ripoti fupi za wiki. Ile ya mwezi aliandika bosi."

"Basi tutasema za wiki. Ya mwezi inabaki pengo."

Walipofika kwenye elimu, tangazo lilitaka stashahada ya ununuzi na ugavi, lazima. Immakulata alikuwa na astashahada, ngazi moja chini. Swaumu alisimamisha vidole juu ya kibodi.

"Hapa ndipo wengi huninong'oneza: jaza tu, nani atakagua?"

"Andika sina."

"Una hakika?"

"Sina, da Swaumu. Niandikie sina, kwa herufi zinazoonekana."

Ukabaki mstari wa mwisho. Kuzungumza Kiha au Kirundi: faida. Swaumu aliipekua CV juu mpaka chini. Kwenye lugha kulikuwa na Kiswahili na Kiingereza basi. Safu ya pili ikabaki tupu.

"Hujui Kirundi?"

Immakulata aliitazama ile nafasi tupu. Kirundi ndicho alichoimbiwa akiwa mgongoni, ndicho alichosali nacho, ndicho alichowatulizia akina mama kambini foleni ilipokuwa ndefu na unga haujafika. Ndilo sharti alilokuwa nalo lote bila kupungukiwa, naye alikuwa amelifuta kwa mkono wake mwenyewe. Hasira ikampanda, na haikuwa juu ya baba yake. Ilikuwa juu ya yule aliyemfundisha baba yake kuogopa.

"Andika Kirundi, lugha ya mama," alisema. "Na pale juu weka jina langu lote."

Wakapanga upya CV nzima. Mapengo mengi yalikuwa ya uandishi tu, yakazibika palepale kwa tarehe, cheo na kazi zenyewe. Kwa suala la kusimamia watu alimpigia bosi wake wa zamani, naye akakubali kuwa mdhamini na kulithibitisha. Mapengo ya kweli yakabaki mawili. Kwenye barua ya maombi, aya ya pili, Immakulata akaandika kwamba hana stashahada, ana astashahada na miaka mitano ghalani, na kwamba ripoti ya mwezi hajawahi kuiandika peke yake.

Simu ikaja. Safari hii alikuwa ameitwa usaili.

Kwenye usaili walikuwa watu watatu, na aliyeongoza aliitwa Ridhiwani, mtu wa miwani na maneno machache.

"Tangazo lilisema stashahada. Hukuliona?"

"Nililiona, ndiyo maana niliwaandikia kwamba sina."

"Sasa kwa nini uliomba?"

"Kwa sababu mengine mliyoyataka ninayo, na ushahidi wake mmeushika mkononi. Sikuja kuomba huruma. Nimekuja mnipime kwa nilichonacho."

Mmoja wao akainua karatasi. "Manirambona. Hili si jina la ng'ambo ya mpaka, kule Manyovu?"

"Ni jina la baba yangu," alisema Immakulata, wala hakushusha sauti. "Na baba yangu ni Mtanzania wa Murungu. Kama kuna swali jingine la kazi, niko tayari."

Ridhiwani alimtazama mwenzake mpaka yule akaiweka karatasi chini.

Nafasi ya msimamizi alipewa mwingine, mwenye stashahada. Ridhiwani alipiga mwenyewe kumwambia, akaongeza kwamba kuna nafasi ya msaidizi, kama ataitaka.

"Kwanza naomba kujua," Immakulata alisema. "Nilipungukiwa na nini?"

"Stashahada."

"Na kingine?"

"Hapana. Hiyo tu."

Mzee Bazilio alipoambiwa, alitikisa kichwa. "Si nilikwambia? Wamekuweka chini."

"Hawakuniweka chini kwa jina, Baba. Limesomwa mbele yao lote, na kazi nimepewa nalo."

Mzee alinyanyuka, akaenda kumwambia jirani kwamba binti yake anakwenda kufanya kazi Kasulu.

Kabla ya kuripoti, Immakulata alijiandikisha kusoma stashahada kwa njia ya masafa. Siku ya kwanza Ridhiwani alimkuta ghalani akikagua magunia, akamuuliza kama ameridhika na cheo.

"Kwa sasa," alijibu, bila kuacha kuhesabu. "Ile nafasi nyingine mkiitangaza tena, nitaomba tena. Na safari hiyo mtafute sababu nyingine."