Friji la Shangazi Lisilonguruma

Ilianza Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, taa ya dukani ilipofifia na kuwa nyekundu kama kaa la mwisho jikoni.

Nilikuwa nimefungiwa. Siyo adhabu. Shangazi anauza dawa za mifugo pale Kihanga, na akisafiri hufunga geti la nondo kwa nje kwa kufuli, ufunguo anakwenda nao. Wezi, anasema. Uani kuna mabati marefu na mlango wake nao una kufuli. Likizo ile nililetwa kumsaidia, na kukaa na bibi, mama yake, ambaye mguu wake mbovu haumruhusu kutembea zaidi ya kiti na kitanda. Shangazi alikwenda Kyerwa asubuhi. Alisema angerudi jioni, na kesho yake kina mama wangekuja na kuku wao kuchanjwa kideri, tone moja la jichoni ambalo wengi wao walishazoea kudondosha wenyewe. Kuku walikuwa wanakufa vijiji vya jirani. Chanjo ya watu wote wale ilikuwa ndani ya friji jipya.

Dukani kuna mafriji mawili. La zamani limebaki la soda. Lile kila mtu analijua: linaanza kwa kishindo, ku-du, linanguruma hadi chupa zinagongana, halafu linajitikisa na kunyamaza. Linapumzika, kisha linaanza upya. Jipya ni la inveta. Siku lilipoletwa, shangazi alisimama mbele yake mikono kiunoni kama anayemsubiri mtoto aseme shikamoo. Halikusema kitu.

"Hili halizimizimi," akatueleza, kama alivyoambiwa na muuzaji. "Likishapoa linapunguza tu mwendo, linakwenda polepole. Umeme mdogo halijali sana. Ila umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, unaweza kuua ubao wake wa ndani. Kwa hiyo ukikatika, chomoa. Mnasikia?"

Tulisikia. Kusikia na kuelewa ni vitu viwili.

Taa ilipofifia, friji la soda likajaribu kuwaka. Likaguna kwa taabu, mmm, likashindwa, ndani yake kikalia kitu, tak. Kimya. Baada ya muda tena: mmm, tak. Jipya halikutoa hata mguno.

"Hilo la kwenu limekufa," bibi akasema kutoka kwenye kiti chake. "Ng'ombe asiyecheua ni mgonjwa. Ukiona kimya, jua."

Bibi amezaliwa kwenye ng'ombe. Kila kitu kwake ni ng'ombe.

"Sijui, bibi."

"Chomoa, chomeka. Litashtuka."

Nikachomoa, nikachomeka. Kijitaa cha mbele kikawaka, basi. Nikasubiri kidogo, kimya. Nikachomoa tena. Nilifanya hivyo sijui mara ngapi, na kila mara bibi ananiambia "tena". Nilimpigia shangazi: hapatikani. Vilima vya kule vinameza simu. Nikaenda getini nikashika nondo. Watu walikuwa wanapita barabarani, na sikuweza kumwita hata mmoja. Mimi ndivyo nilivyo. Darasani najua jibu na mkono unabaki juu ya dawati. Nikawaza kesho, wanawake wamesimama hapo nje na kuku wao, na mimi ndani kama kuku mwenyewe.

"Hamishia dawa kwenye lile linalonguruma," bibi akasema. "Lile angalau liko hai."

Wazo lilikuwa zuri. Nikafungua la soda ili nitafute nafasi.

Soda zilikuwa na uvuguvugu.

Nikashika chupa ya pili, ya tatu. Zote. Tangu umeme upungue lilikuwa linaguna tu, halijapoza chochote. Nikapeleka mkono nyuma, kwenye kompresa, kile chungu cheusi cha chini, nikautoa mbio. Kilikuwa kinachoma, na kilikuwa na harufu ya rangi iliyoungua.

"Bibi, hili ndilo linalokufa."

"Mbona linalia?"

"Linalia kwa sababu linashindwa. Umeme hautoshi kulinyanyua."

Nikalichomoa. Kisha nikasimama mbele ya jipya. Kufungua nilikuwa naogopa, baridi ingetoka. Wakati huo lilikuwa limechomekwa, na kwa sababu nilikuwa nahangaika na soda, kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeliacha bila kuligusa kwa dakika kadhaa. Nikabandika sikio ubavuni.

Kulikuwa na sauti. Nyembamba, kama mbu yuko chumba cha pili, inapanda taratibu. Nikabandika na kiganja: ubavu ulikuwa na joto dogo, kama shingo ya mtu. Ndipo nikajua nilichokuwa nafanya. Lenyewe likichomekwa husubiri kwanza kabla ya kuanza. Na mimi kila lilipokuwa linasubiri, nalichomoa, kusubiri kunaanza upya. Lilikuwa zima. Nilikuwa nalinyima nafasi.

"Lichomoe tena," bibi akasema.

"Hapana, bibi."

Akanigeukia. Sijawahi kumwambia bibi hapana.

"Mawe!" akamaka kwa kilugha. "Umesemaje?"

"Linacheua, bibi. Linacheua kimyakimya."

Akanitazama, halafu akacheka mpaka akashika mguu wake. "Haya. Mchungaji ni wewe."

Giza lilipoanza kuingia umeme ukakatika kabisa. Hapo maneno ya shangazi yalinirudia yote, na nikachomoa jipya haraka. Bibi naye akashangaa. "Sasa hivi ulinikatalia!"

"Ile ilikuwa kufifia. Huku ni kukatika."

Tulikaa na tochi ya simu tukila ndizi za mchana. Bado hatukuwa tumemaliza sahani umeme ukarudi. Taa ikawaka nyeupe kupita kiasi, ikalia pa! vioo vikamwagika kwenye kaunta. Bibi akaita Yesu. Mimi nilikuwa natazama waya wa friji uliolala sakafuni. Nikangoja mpaka taa ya chumbani ilipotulia, isipepese, ndipo nikachomeka. Nikaliacha. Kuliacha ndiyo kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Shangazi hakurudi usiku ule. Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Alituma ujumbe tu kwamba angefika kesho yake, tena kwa kuchelewa.

Asubuhi wanawake walifika kabla yake, kuku kwenye vikapu, miguu imefungwa. Walijaa getini.

"Shikamooni," nikasema, na nafikiri hakuna aliyenisikia.

"Binti, tumesikia umeme wa jana. Friji lenyewe liko hai?" mmoja akauliza. Mwingine akatega sikio. "Mbona kimya? Hilo ni kabati la nguo!" Wakacheka. "Mtatupa maji ya moto tuue kuku wetu wenyewe?"

Nilitamani kujificha nyuma ya magunia ya pumba, lakini bibi alikuwa ananitazama. Nikafungua friji. Shangazi ameweka ndani kipimajoto kidogo kinachokumbuka joto la juu kabisa lililofikiwa. Chanjo isizidi nyuzi nane. Nikasoma: sasa tano, juu kabisa saba.

Nikakitoa, nikapitisha mkono katikati ya nondo hadi mbele ya uso wa yule aliyesema kabati.

"Soma, mama," nikasema, na sauti ilitoka. "Saba. Haijafika nane. Lenyewe halipigi kelele."

Akasoma, akampa mwenzake, naye akasoma.

Kufuli lilikuwa bado mahali pake na shangazi bado yuko njiani. Nikafunga chupa ya kwanza kwenye kitambaa chenye maji, nikaitoa nje kupitia nondo, wadondoshe wenyewe.